Mjadala: Akaunti moja, ndugu wawili. Google wana haki gani ya kutuzuia kuingia?

Msomi wa Kihesa: Kamwene wadau. Mimi na kaka tuna Gmail moja. Yeye anauza viazi Mwanjelwa, Mbeya, mimi nasoma Iringa na ndiye ninayemwekea oda kwenye Drive. Jana usiku niliingia kwa kompyuta ya intaneti kafe. Nywila nilikosea mara mbili, ya tatu nikaipatia, lakini nikazuiwa. Kaka naye akaletewa onyo kwamba kuna mtu anaingia kutoka Dar es Salaam! Akajibu kwamba si yeye, akabadilisha nywila, na leo hataki kunipa mpya. Kwa nini mashine iingilie mambo ya ndugu?

Baba Neema, Mafinga: Mdogo wangu, hapo ni umbali tu. Mbeya na Iringa zinapishana zaidi ya kilomita 300, mashine inaona mtu mmoja yuko sehemu mbili. Wekeni VPN wote wawili, ile programu ya kuficha mahali ulipo, mchague nchi moja, muonekane mko pamoja. Kwisha kazi.

Fundi wa Soweto, Mbeya: Baba Neema, kuhusu mtu mmoja kuonekana sehemu mbili umegusa penyewe, ila VPN itawazidishia tabu. Anwani ya VPN hutumiwa na watu wengi wasiojuana, na wezi wa akaunti wamo humo humo. Leo uko Mbeya, kesho unaonekana Uholanzi, hapo ndipo utaulizwa maswali zaidi.

Msomi, tuanze na hiyo Dar es Salaam, maana ndiyo iliyomtia kaka yako hofu. Huduma haijui umekaa Kihesa. Inaona anwani ya IP, yaani namba ya intaneti unayoingilia, kisha inakisia mahali. Kampuni nyingi za intaneti hupitisha wateja wa mikoani kwenye mitambo michache, na anwani zake huonekana kama za Dar. Hata mimi nikiingia nikiwa hapa Soweto, mara nyingi naandikiwa Dar. Kwa hiyo jina la mji kwenye onyo ni la kusoma kwa tahadhari. Cha kutazama zaidi ni aina ya kifaa na saa. Kama kaka angeona imeandikwa Windows, na saa ni ile ile uliyokuwa kafe, angekupigia kwanza kabla ya kujibu.

Sasa kwa nini walikuzuia. Mji peke yake kwa kawaida haufungi mlango, mambo huwa yanajumlishwa. Simu ya kaka ina alama iliyowekwa siku alipoingia mara ya kwanza, kwa hiyo akirudi anatambulika. Kompyuta ya kafe haina alama hiyo, na mara nyingi wenye kafe hufuta kila kitu mteja akiondoka, hivyo hata ukiingia hapo kila wiki unaonekana mgeni. Ongeza nywila iliyokosewa mara mbili. Ongeza kwamba muda huo huo simu ya kaka ilikuwa wazi mahali pengine. Hakuna anayetoka Mbeya akafika Dar kwa dakika kumi. Ukiyaweka pamoja, wewe na mwizi aliyeokota nywila mnafanana kabisa. Kampuni hazitangazi kila jambo lina uzito gani, kwa sababu wezi nao wangeisoma orodha hiyo.

Mama wa Tukuyu: Hayo yamenikuta mimi. Dada yangu alikuwa na namba yangu ya siri ya kutolea pesa kwenye simu, siku moja nimeamka salio halipo. Nilipolalamika nikaambiwa aliyetoa alikuwa na namba ya siri, basi. Usimpe mtu, hata wa tumbo moja!

Fundi wa Soweto, Mbeya: Pole sana mama, ila suala la kijana ni tofauti. Pale kwako namba ya siri ilitosha na pesa ikatoka. Yeye nywila alikuwa nayo sahihi na bado akakataliwa, yaani ulinzi ambao wewe uliukosa ndio unaomkera yeye.

Mkinga wa Makete: Fundi, naheshimu ujuzi wako, lakini mimi siko upande wa hizi kampuni. Kwetu simu janja moja ni ya nyumba nzima. Baba anaangalia bei ya mbao, mtoto anasomea, shangazi anapokea picha za wajukuu. Mnasema akaunti ni ya mtu mmoja, nani aliamua? Aliyeunda mfumo huu alifikiria nyumba ambayo kila mtu ana simu yake na namba yake. Sisi tunaadhibiwa kwa kuishi pamoja.

Fundi wa Soweto, Mbeya: Hoja yako nzito, na sitaipinga yote. Lakini angalia: simu moja ikitumiwa na watu watano nyumbani Makete mara nyingi haileti onyo, maana kifaa ni kile kile. Linaloleta onyo ni akaunti moja kwenye vifaa vingi vya mbali. Na kuna hatari ambayo ndugu hawaioni. Mkishazoea maonyo, mnazoea pia kubonyeza "ndiyo, ni mimi" bila kusoma, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Siku mwizi akiingia kweli, atafunguliwa na mmoja wenu. Afadhali kaka wa huyu kijana aliyekataa.

Mkinga wa Makete: Hapo kwenye kubonyeza tu nakubali. Kwenye mfumo sijakubali. Wangeweka sehemu ya kusema "akaunti hii ni ya watu wawili".

Fundi wa Soweto, Mbeya: Kwa Gmail ipo kitu karibu na hicho. Msomi, fungua akaunti yako mwenyewe. Kisha kaka aingie kwenye Gmail yake kwa kompyuta, aende Settings, sehemu ya Accounts and Import, atafute `Grant access to your account`, aandike anwani yako. Utaletewa ujumbe wa kukubali, usiuache ukapita wiki moja maana unaisha muda. Ukikubali, inaweza kuchukua hadi siku nzima kabla haijafanya kazi. Baada ya hapo unasoma na kujibu barua za biashara ukiwa umeingia kwa nywila yako, na huwezi kubadilisha ya kaka. Hesabu za oda kwenye Drive ni jambo jingine, hizo akushirikishe faili lenyewe kama mhariri.

Msomi wa Kihesa: Asante kaka Fundi. Nimempigia, amepoa kidogo. Ila kasema akaunti imefunguliwa kwa laini aliyoiacha zamani, na hana namba nyingine humo.

Fundi wa Soweto, Mbeya: Basi hilo litangulie mengine yote, leo leo, wakati simu yake bado iko ndani ya akaunti. Laini isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye ndiye atakayepokea meseji za kurudishia akaunti yenu. Aweke namba anayoitumia sasa na barua pepe ya pili, inaweza kuwa hiyo yako mpya. Ajue pia kwamba kwa siku 7 Google wanaweza bado kutoa nafasi ya kutuma msimbo kwenye namba ya zamani, kwa hiyo asijaribu kutoka na kuingia upya ndani ya wiki hiyo. Kama laini bado iko kwa jina lake, aende na kitambulisho cha NIDA akairudishe, alama za vidole zitamtambua.

Baba Neema, Mafinga: Na akikuta tayari ina mtu mwingine?

Fundi wa Soweto, Mbeya: Hairudi. Aifute kwenye akaunti, kisha akague huduma nyingine zote alizojisajili kwa namba ile, akianza na zenye pesa.

Msomi wa Kihesa: Anaelekea kwa wakala sasa hivi. Hiyo barua pepe yangu mpya nimeshaifungua.