Tupeane uzoefu: orodha ya stoo ya jikoni, viwango vyake na karatasi ya kuagiza ya kila wiki

JikoLaMtaani
Wakuu, habari za jioni. Leo mchana nimeingia mgahawa mmoja, saa saba na nusu, meza zimejaa. Nimeagiza wali maharage. Dada kaenda jikoni, karudi: "Kaka, vumilia kidogo, mchele umeisha, kijana katumwa dukani." Mchele umeisha saa saba mchana, na unanunuliwa duka la rejareja kilo mbilimbili! Nimekumbuka nilipokuwa mtunza stoo, vurugu ile ile kila wiki mpaka tulipobandika orodha ukutani yenye kiwango cha kila kitu.

Wenye migahawa midogo, wapishi na watunza stoo, njooni hapa. Viwango mnavipangaje? Karatasi ya kuagiza mnaijaza lini, na nani anaijaza?

Stoo_Kwanza
Mada nzuri, mkuu. Nitatoa mfano wa mchele maana ndio uliokunyima chakula.

Mgahawa wetu hufungwa Jumapili. Mchele tunapika kama kilo 12 kwa siku Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi 18. Kwa wiki ni kilo 78. Mzigo kutoka Tandale unaingia mara moja, Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo Jumatatu mzigo ukishashushwa lazima stoo iwe na kilo 78 za kula wiki nzima, pamoja na akiba ya siku moja ya kawaida endapo wateja watazidi au gari litachelewa. 78 na 12 ni 90. Hizo 90 ndizo kiwango, nazo zimeandikwa kwenye orodha kwa wino.

Jumamosi usiku jiko likishafungwa tunahesabu. Tuseme zimebaki kilo 19. 90 toa 19 ni 71. Mifuko yetu ni ya kilo 25, kwa hiyo tunaagiza 3. Basi. Hakuna kukisia wala kuulizana "unaonaje, utatosha?"

Ila kuna kitu wengi hawakioni: siku ya kuhesabu na siku ya mzigo. Sisi tunahesabu Jumamosi usiku, Jumapili hatupiki, kwa hiyo kilo 19 za Jumamosi ndizo zitakazokuwepo Jumatatu. Ukihesabu Alhamisi usiku kwa mzigo wa Jumatatu, kuna Ijumaa na Jumamosi katikati, kilo 30 zitapikwa. Usipoziingiza kwenye hesabu utakuwa pungufu kila wiki na utamlaumu muuzaji bure.

Kibamia
Kweli tupu. Kwetu ni vitunguu. Kila Jumamosi.

MzeeWaPilau
Stoo_Kwanza unawapotosha vijana. Nimefanya kazi kwenye jiko la hoteli ya watalii muda mrefu. Kiwango ni kile ambacho kitu kikishuka mpaka hapo, unaagiza. Mchele ukifika kilo 20, piga simu. Hizo 90 zako ni za nini? Unalaza hela stoo.

Stoo_Kwanza
Shikamoo mzee wangu. Unachosema kipo, na kinafanya kazi, lakini kwa vitu unavyoweza kuvipata siku yoyote ukipiga simu. Gesi kwetu tunaifanya hivyo hasa: mitungi miwili ya kilo 38, mmoja ukiisha tunafunga wa pili na kupiga simu saa hiyo hiyo. Hatusubiri Jumamosi.

Karatasi ya wiki ni jambo jingine. Gari linakuja Jumatatu tu. Mchele ukishuka kwenye hizo 20 zako Alhamisi asubuhi, hiyo simu utampigia nani? Utamtuma kijana dukani, kama kule alikokwenda mleta mada. Kwa karatasi ya wiki, kiwango ni cha kujazia mpaka hapo, hata kama kitu hakijakaribia kuisha.

MzeeWaPilau
Marahaba. Sisi magari yalikuwa yanakuja kila siku, hilo nakubali. Lakini mwenye mgahawa wa mtaji mdogo akijaza kila kitu mpaka juu Jumatatu, mshahara wa wapishi atautoa wapi? Hilo hujanijibu.

Bi_Tui
Mzee ana hoja. Mimi mchele na mafuta najaza mpaka kiwango, vingine nanunua nusu Jumatatu na nusu Alhamisi. Kanuni za vitabuni zinataka hela za vitabuni.

MamaWaSupu
Mmenikumbusha mbali. Ngoja niwasimulie ya kuku.

Nilikuwa mpishi sehemu fulani hapa Dar. Orodha yetu ilisema kuku 40 kwa mzigo mmoja, na mizigo ilikuwa miwili kwa wiki. Ijumaa moja bosi kapita Shekilango, kakuta bei imeshuka, kanunua kuku 90. Nikamwambia, "Bosi, hawa wanakaa wapi?" Akasema friza ni kubwa. Wakachinjwa, wakanyonyolewa, wakasukumwa wote ndani kwa pamoja bado wana joto. Mfuniko tuliufunga kwa kuukalia.

Jumamosi mchana natoa kuku wa kukaanga, wa juu wameganda kama jiwe, wa katikati wanabonyea. Nikamwambia tena. Akasema mpaka Jumatatu watakuwa wameshika.

Jumamosi usiku tukafunga. LUKU ilikuwa imebaki na yuniti kidogo na hakuna aliyeangalia. Friza lililojazwa vile halipumziki, linavuta umeme mfululizo. Usiku ule ule yuniti zikaisha. Jumapili nzima pamefungwa, joto la mwezi wa pili mnalijua. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilipofungua mlango wa nyuma nilirudi nje. Maji mekundu yametoka chini ya friza mpaka kwenye magunia ya viazi.

Bosi alipofika akasema wa chini bado wana ubaridi, tuwachemshe na ndimu na tangawizi nyingi tuwafanye mchuzi. Nilivua aproni nikaiweka mezani. Nikamwambia mchuzi huo atapika yeye na atahudumia yeye. Tukatazamana. Mwishoni akaita mkokoteni, wote wakaenda kutupwa.

Kuanzia wiki ile kwenye karatasi yetu ya kuagiza kuna mstari wa LUKU, kama vile kuna mstari wa chumvi. Tulisoma mita Jumamosi usiku na Jumatatu asubuhi, tukajua wikiendi inakula yuniti ngapi, tukaandika mara mbili yake kuwa kiwango. Na pale pa kuku tukaandika: hazidi 45 hata wakiuzwa bure. Friza ndilo linalosema mwisho ni wapi, bei haisemi.

Kibamia
Dada, nimesoma nimesimama.

ChipsiKavu
Lakini kusema kweli, wa chini waliokuwa baridi wangeweza kuokolewa. Moto unaua kila kitu. Hasara yote ile!

MamaWaSupu
Kaka, moto unaua wadudu, ila sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha kwenye nyama haitoki kwa kuchemsha. Kuku mwenye barafu bado ndani, sawa, mpike siku ile ile. Hawa walikuwa wanateleza mkononi.

ChipsiKavu
Bibi yangu alikuwa anachemsha nyama siku tatu na hatukuumwa.

Bi_Tui
Bibi yako alikuwa anaichemsha kila siku asubuhi na jioni. Hakuiacha Jumapili nzima kwenye sanduku la joto.

JikoLaMtaani
Wakuu, kuku wamezikwa, turudi kwenye orodha. Nyanya mnafanyaje? Kuziandikia kiwango cha wiki naona ni kujidanganya.

Nahodha_wa_Kongowea
Mimi niko Mombasa, nina kibanda cha chakula. Nyanya, dania na mboga za majani sizitii kwenye karatasi ya wiki hata siku moja. Zina karatasi yao, naagiza Kongowea mara tatu kwa wiki, kiwango ni cha siku mbili na nusu. Nyanya ya Jumatatu ikifika Jumamosi yote ishakuwa rojo. Lakini hesabu ni ile ile ya bwana Stoo, siku tu zimepungua.

Mwl_wa_Bweni
Mimi napika shule ya bweni. Kwetu ni rahisi, wanafunzi wanajulikana idadi. Swali langu: wakienda likizo fupi nifanye nini na maharage?

Stoo_Kwanza
Mwalimu, wewe weka matumizi ya mtoto mmoja kwa siku halafu zidisha kwa idadi ya wanafunzi wa wiki hiyo, kisha kwa siku watakazokula. Kiwango chako kinapanda na kushuka na wanafunzi, usikiandike kwa wino.

Hata kwetu mgahawani hakidumu mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani wali wa mchana unashuka sana, halafu jioni tambi, ndizi na uji vinapanda. Tuna orodha mbili, ya Ramadhani inabandikwa juu ya ile nyingine. Na mwisho wa mwezi watu wakipokea mishahara, kuku na soda tunaongeza.

Kalamu_Nyekundu
Nyie mnaongelea kuagiza tu. Karatasi hiyo hiyo inasema na siri. Mafuta: wiki ilianza na madumu 2 ya lita 20, yakaingia 3, Jumamosi limebaki dumu moja na nusu. 40 na 60 ni 100, toa 30, zimetumika lita 70. Wiki iliyotangulia mauzo yalikuwa hayo hayo na zilitumika 50. Lita 20 zimekwenda wapi?

ChipsiKavu
Mpishi kaondoka nazo.

MzeeWaPilau
Usimwite mtu mwizi kwa karatasi ya wiki moja. Labda chipsi ziliuzwa zaidi ya wali, labda mafuta yalibadilishwa mapema kwa sababu yaliungua. Subiri wiki ya tatu.

Kalamu_Nyekundu
Kwa hiyo lita 20 nyingine ziende kwanza? Mimi nasema asihesabu anayepika. Ahesabu mtu mwingine, mpishi asimame pembeni.

Bi_Tui
Jiko langu lina watu watatu. Huyo mwingine ni mimi, na mimi ndiye mpishi.

Kibamia
Kwa wanaotumia simu, mimi nimeweka hivi. D ni kiwango, E kilichopo, F cha kuagiza, G ujazo wa mfuko:

```
F5: =MAX(0,D5-E5)
H5: =ROUNDUP(F5/G5,0)
```

H inatoa idadi ya mifuko.

Stoo_Kwanza
Safi, ila hiyo inapandisha juu kila mara. Ukihitaji kilo 76 itakuagizia mifuko 4 kwa sababu ya kilo moja. Hapo tumia macho, chukua 3, akiba ipo kwa kazi hiyo.

JikoLaMtaani
La mwisho kwangu: mtungi wa gesi ulioanza kutumika mnauandikaje? Nusu? Robo?

Nahodha_wa_Kongowea
Mwagia maji ya moto ubavuni kisha upapase. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo.

Stoo_Kwanza
Au uweke kwenye mizani ya gunia. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa huo, kinachobaki ni gesi. Sisi hatufiki huko. Kwenye karatasi kuna visanduku viwili, "umefungwa" na "haujaguswa". Cha pili kikiwa sifuri, simu inapigwa kabla ya chai.