Chupa ya unga wa mlonge mezani jikoni: picha ipi kati ya hizi 3?

NakatoJinja: Jamani habari za jioni. Mimi na dada yangu tunapaki unga wa mlonge, chupa ya kioo cha kahawia, gramu 100, sasa tunataka picha moja ya posta ya dukani na ya hapa mtandaoni. Nimepiga 3 jikoni kwetu. Ya kwanza chupa iko na malimau, tangawizi na kitunguu saumu. Ya pili iko kando ya bakuli la uji, mihogo, chai, na tawi la majani ya mlonge mabichi. Ya tatu jaja yetu amekaa mezani anatabasamu, ameshika chupa na mkono mwingine ameuweka gotini. Mimi naipenda sana ya kwanza kwa rangi zake, lakini sitaki mtu aone kama tunauza dawa. Mnaonaje?

BodaMbale: Ya kwanza, inang'aa. Weka chini maandishi madogo "hii si dawa", umemaliza.

MpigapichaKololo: Kaka hapo umepatia nusu tu. Maandishi yawepo, sawa, lakini mtu anaona picha kwanza, na wengi hawafiki kwenye maandishi. Malimau, tangawizi na kitunguu saumu, kila moja peke yake ni chakula tu, ila ukiziweka tatu pamoja Mganda yeyote aliyekuwepo 2020 anawaza mafua na kikohozi, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tunachemsha majumbani. Hujaandika neno hata moja na tayari umeshadai. Tena ndani ya chupa hakuna limau, kwa hiyo mnunuzi anaweza kudhani limo. Mimi kanuni yangu ni hii, kinachokaa karibu na chupa kiwe ama ndicho kilichomo ndani ama chakula kinacholiwa nacho. Kwa hiyo dada Nakato chukua ya pili.

Ya tatu iache kabisa, namheshimu jaja lakini mkono gotini unasema maumivu ya viungo. Tabasamu lake na chupa vikikaa pamoja vinasema "nimepona".

NakatoJinja: Wee, goti sikuliona kabisa! Yeye hukaa hivyo siku zote.

MamaSheila_Gulu: Samahani, mama yangu ana presha na anakunywa vidonge, huu mlonge atie vijiko vingapi kwa siku?

MpigapichaKololo: Mama Sheila, hapa tunaongelea picha tu. Usimpe kwanza, nenda na hiyo chupa na vidonge vyake kwa daktari au mfamasia umuulize, maana vitu vya majani vinaweza kugongana na dawa ya presha.

NakatoJinja: Na kweli mama, hata sisi dukani tunawaambia hivyo. Sasa kaka, ya pili nayo ina shida, chupa imetoka nyeusi kama ya mafuta ya gari halafu lebo ina doa jeupe la dirisha.

BodaMbale: Weka kadi ya njano nyuma ya chupa, kioo cha kahawia kitawaka. Niliona mtu wa asali anafanya.

MpigapichaKololo: Kwa asali ni kweli, mwanga unapita. Unga haupitishi mwanga, kadi ya nyuma haitasaidia kitu. Dada fanya hivi: zima taa na fleshi, meza iwe ubavuni mwa dirisha, dirishani tundika neti nyeupe ya mbu safi uikunje mara mbili, hilo doa litalainika. Upande wa pili wa chupa simamisha manila nyeupe, isogeze polepole mpaka uone mstari mweupe mwembamba ukingoni mwa kioo, hapo chupa inapata umbo na haionekani tena kama shimo jeusi. Doa likibaki izungushe chupa kidogo tu. Halafu rudi nyuma kama mita moja, tumia zumu ya 2, ukisogea sana simu inavimbisha kifuniko.

SsaloMasaka: Mimi ningeongeza mkono unaomwaga kijiko cha unga kwenye uji, picha ipate uhai.

MpigapichaKololo: Kijiko kikijaa watu watakichukua kama kipimo. Mimi sipendi.

SsaloMasaka: Lakini ndivyo unavyoliwa ndugu, bila kijiko mtu atajuaje ni chakula? Chupa ya kahawia peke yake ndiyo inafanana na ya famasi.

MpigapichaKololo: Hiyo ya chupa umesema kweli. Kijiko bado nakikataa, labda kiwe kikavu, kimelala mezani.

NakatoJinja: Nimerudia asubuhi hii saa tatu, neti na manila. Lebo yote inasomeka na ukingo umetokea vizuri. Kijiko kikavu kipo, jaja nimempiga picha peke yake na chai yake, ni ya ukutani nyumbani. Kabla ya kuchapa posta nawapelekea NDA, mamlaka ya dawa, waione, kwa sababu dada anataka kuandika "asili" kwa herufi kubwa na mimi sina hakika nalo.