Kwikwi ya Babu

Dada Rehema: Mbukwa jamani. Babu ana kwikwi tangu jana saa mbili usiku haijakata, leo ananiita mimi jina la marehemu bibi na hajui kama ni asubuhi au usiku

Mjomba Yohana: Mpe kijiko cha sukari ameze bila kupumua, mimi hunikata hapohapo

Baba Neema: Malaria hiyo imepanda kichwani

Shangazi Tabu: Rehema jana alikula tunda gani

Dada Rehema: Jirani katoka Moro kaleta yale ya njano yenye mbavu, ukikata inatoka nyota, kala mawili saa kumi jioni. Si kwa figo zake walimkataza ndizi na machungwa tu jamani

Baba Neema: Basi potasiamu hiyo

Shangazi Tabu: Potasiamu inagonga moyo, haimfanyi mtu aanze kuita marehemu. Hilo tunda lina sumu yake, karamboksini, Wabrazili waliitambua 2013, inachokoza ubongo. Wewe ukila unaikojoa wala hujui ila babu mkojo wake kwa siku haujai kikombe kwahiyo inabaki kwenye damu inapanda kichwani. Huanza na kwikwi hivyohivyo, halafu kuchanganyikiwa, halafu degedege, na hata tunda moja linatosha. Nimewaona wawili hapa kwetu kwenye mashine ya kusafisha damu, mmoja hatukumuwahi

Dada Rehema: Mashine yake kesho Jumatatu, tusubiri?

Shangazi Tabu: HAPANA. Sasa hivi, asafishwe damu leo. Bebeni na tunda lililobaki mlitaje wenyewe, maana daktari akiona mzee kachanganyikiwa atawaza kiharusi mtapelekwa kupiga picha ya kichwa masaa yanaenda. Akianza kutetemeka mlazeni ubavu, kijiko mdomoni msimwekee, na hiyo sukari pia mjomba tafadhali

Mjomba Yohana: Sawa mama. Ila mimi jagi zima la juisi ya hilo tunda nakunywa kila asubuhi kabla sijala, wanasema inashusha presha

Shangazi Tabu: Jagi?? Tumbo tupu? Ile asidi yake ya oksalati inaganda kwenye figo hata kama ni nzima. Kreatinini ulipima lini

Mjomba Yohana: Ndo nini hiyo

Mama Neema: Na birimbi za achari je shangazi

Shangazi Tabu: Ndugu yake, oksalati kibao. Babu asiguse

(saa tatu usiku)

Dada Rehema: Degedege ilimshika getini mara moja wakampiga sindano, mashine masaa manne, kwikwi ikakata akiwa humohumo akaniita Rehema nikalia. Ila sasa hivi imerudi kidogokidogo

Shangazi Tabu: Sumu iliyojificha kwenye nyama inarudi kwenye damu. Mwambie nesi wa zamu sasa hivi, wamrudishe mashine asubuhi hata kama ameamka anacheka

Dada Rehema: Naenda

Baba Neema: Mi nimekula matatu yaliyobaki kwenye kikapu, niko fresh tu

Shangazi Tabu: Baba Neema nilisema yabebwe hospitali 🙄