Kahawa iliyokaangwa sana au iliyolowekwa baridi: ipi haichomi tumbo?

Buli_Dogo: Nina arabika ya Kilimanjaro, imekaangwa kidogo tu. Naisaga laini, naichemsha dakika 15. Nikinywa kabla ya kula, kifua kinawaka. Nibadilishe kahawa au upishi?

Mwanamji: Kahawa ni asidi, ndugu yangu. Tia magadi kidogo, yamekwisha.

Fundi_Kikaango: Asidi ipo, Mwanamji, ila pH ya kahawa ni kama 5, na juisi ya chungwa ni kali zaidi. Tatizo kubwa ni kwamba kahawa inaliamsha tumbo litoe asidi yake lenyewe. Hata iliyoondolewa kafeini hufanya hivyo. Kafeini nayo hulegeza mlango wa juu wa tumbo, ndipo asidi inapanda kooni. Magadi hayazuii hilo, na yanaharibu ladha.

Buli_Dogo, kaanga zaidi. Buni hulia mara mbili kwenye kikaango: mlio wa kwanza mzito kama bisi, wa pili mwepesi na wa haraka. Epua mara tu wa pili unapoanza, kisha upepee ipoe upesi. Ukichelewa, mafuta yanatoka juu ya punje na kinachobaki ni ladha ya mkaa. Ukaangaji huo hupunguza asidi za klorojeni na kuzalisha kiambata kiitwacho NMP, ambacho huenda kinapunguza kazi ya tumbo kutoa asidi. Sema vipimo vilifanywa kwa watu wachache.

Shangazi_Kahawa: Mimi ningeanza na upishi. Kusaga laini kisha kuchemsha dakika 15 ni kukamua kila kitu, uchungu na kafeini pamoja. Loweka badala yake: gramu 60 zilizosagwa chenga kama chumvi ya mawe, lita moja ya maji baridi, saa 14 kwenye friji, chuja kwa kitambaa kisha karatasi. Ikitoka na tope, umesaga laini mno. Unaweza kuipasha moto, isichemke.

Fundi_Kikaango: Shangazi, pH ya kuloweka haitofautiani sana na ya moto. Jumla ya asidi ndiyo hupungua.

Shangazi_Kahawa: Kinywani naiona laini. Tumboni, kila mtu na lake.

Jirani_wa_Bukoba: Mimi langu linanguruma na kujaa gesi, kiungulia hapana. Nakunywa robusta na maziwa nusu kikombe.

Fundi_Kikaango: Hicho kisa kingine. Kunywa siku tatu bila maziwa; ukitulia, shuku maziwa. Usipotulia, kumbuka robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Buli_Dogo: Basi nibadilishe kimoja kimoja?

Shangazi_Kahawa: Ndiyo. Kwanza kula kitu kabla, kahawa ileile. Wiki ijayo upishi, kisha ukaangaji. Ukibadilisha vyote leo hutajua kilichokuponya. Na kiungulia kikija hata siku usiyokunywa, nenda kapimwe.

Mwanamji: Na tangawizi je?