Kijiti cha mkojo, kreatinini ya damu au ACR: kipi kinawahi kuiona figo ya mwenye kisukari?

Binti_Pangani: Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana kisukari cha ukubwani, huu mwaka wa tisa. Kliniki wanachovya kijiti kwenye mkojo, protini haionekani, na kreatinini ya damu iko sawa. Juzi daktari mwingine akaagiza ACR ya mkojo, yaani protini iitwayo albumini ikigawanywa kwa kreatinini ya mkojo huohuo. Jibu: 55 mg/g, limewekewa alama ya juu. Vipimo viwili vinasema figo nzima, kimoja kinakataa. Nifuate kipi?

Kipanga77: Pole dada. Mwamuzi ni kreatinini ya damu. Figo zikichoka, taka hubaki kwenye damu. Kama iko sawa, basi mama hakunywa maji siku ile, mkojo ukawa mzito.

Fundi_Maabara: Kipanga, nusu ya maneno yako ni kweli. Kreatinini hupanda figo zikichoka, lakini huchelewa. Figo zina akiba kubwa, mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja ndipo namba ivuke mpaka. Mwenye misuli michache, kama mama wengi wazee, huchelewa zaidi.

ACR haiulizi figo inachuja kiasi gani, inauliza chujio linavuja au halivuji. Sukari ikikaa juu miaka, mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio hutanuka, presha ndani yake hupanda, na utando wa chujio huanza kuharibika. Albumini, ambayo kwa kawaida hubaki kwenye damu, huanza kupenya kidogo kidogo. Wakati huo uchujaji bado ni mzuri, pengine umezidi hata kawaida, ndiyo maana damu ya mama inaonekana safi.

Na kijiti? Hicho huanza kubadilika rangi albumini ikiwa kama mg 150 au zaidi kwenye lita. Uvujaji wa mwanzo uko chini ya hapo.

Kuhusu maji: ndiyo sababu tunagawanya. Kreatinini hutoka kwenye misuli na kuingia kwenye mkojo kwa mwendo karibu uleule kutwa, hivyo maji yakizimua albumini, yanazimua na kreatinini. Chukulia asubuhi moja mkojo ni mzito: albumini mg 66 kwa lita, kreatinini gramu 1.2. Gawanya, unapata 55. Kesho yake kanywa maji mengi: mg 22, gramu 0.4. Gawanya, ni 55 tena. Ukiangalia albumini peke yake utadhani kapona usiku mmoja, na kijiti kisingeona kitu siku zote mbili. Chini ya 30 ndiyo kawaida.

Mama_Nuru: Samahani naingilia. Mimi mkojo wangu una povu na usiku naamka mara nne. Sina kisukari. Ina maana figo zimekwisha?

Fundi_Maabara: Hapana dada, povu peke yake halitoshi kusema hivyo. Pima mkojo na sukari kwanza, kuamka usiku kuna sababu nyingi.

Nesi_Zamu: Binti, mama alikuwaje siku aliyotoa mkojo?

Binti_Pangani: Mkojo ulikuwa unamchoma wiki ile. Na aliutoa saa nne asubuhi, kashatembea kwa miguu kutoka stendi.

Nesi_Zamu: Basi hiyo 55 usiitupe, ila usiihukumie mama. Maambukizi ya njia ya mkojo, homa na mazoezi mazito huweza kuipandisha. Atibiwe kwanza, kisha arudie kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hajaanza pilikapilika. Ili kusema figo inavuja, tunataka majibu mawili kati ya matatu yawe juu, ndani ya miezi mitatu hadi sita.

Kipanga77: Nimekuelewa Fundi. Lakini kwa nini wasikusanye mkojo wa saa 24? Na mjomba wangu aliishia kusafishwa damu ilhali mkojo wake haukuwahi kuonyesha protini.

Nesi_Zamu: Wa saa 24 ni mzuri ukikusanywa wote. Mgonjwa akienda msikitini au sokoni, akakojoa huko mara moja, hesabu imeharibika. Nimepokea madumu mengi ya namna hiyo.

Fundi_Maabara: Kuhusu mjomba: kama ni kijiti tu alichopimwa, uvujaji ungeweza kupita. Ila wapo wenye kisukari ambao figo hushuka bila albumini kuvuja hata kidogo. Kwa hiyo kreatinini haiachwi, vinapimwa vyote viwili kila mwaka.

Binti_Pangani: Asanteni. Daktari alishamwandikia losartani, dawa ya presha, hata kabla ya kurudia kipimo. Aianze?

Nesi_Zamu: Hapo hata madaktari ninaofanya nao kazi hawako pamoja, hasa kama presha ya mama ni ya kawaida. Presha yake ikoje?

Binti_Pangani: Mara ya mwisho 148 kwa 90.

Nesi_Zamu: Basi losartani ina kazi yake hata ACR ikirudi 20. Mwulize aliyeiandika lini atampima potasiamu na kreatinini, kwa kawaida ni ndani ya wiki mbili hadi nne.