Mrejesho: milinganyo mitatu iliyonipa 0 = 0

Niliuliza: “Wakuu, swali liko kwenye picha. Kila nikiondoa x na y nabaki na 0 = 0. Jibu naliandikaje?”

```
x + y + z = 6
2x − y + z = 3
4x + y + 3z = 15
```

Asanteni, limekubali. Aliyesema nikuze picha kwanza alinisaidia sana: ile 15 ilikuwa na ukungu, na ingekuwa 16 tungefika 0 = 1, yaani hakuna jibu kabisa.

Nilitoa mlinganyo wa kwanza mara 2 kwenye wa pili, na mara 4 kwenye wa tatu. Yote miwili ikawa −3y − z = −9. Kumbe wa tatu ni wa kwanza mara mbili ukijumlisha na wa pili, hauongezi habari yoyote. Zimebaki herufi tatu na milinganyo miwili, kwa hiyo herufi moja iko huru.

Ukiweka z = t unapata sehemu za theluthi. Mimi nimependa z = 3t:

```
(x, y, z) = (3 − 2t, 3 − t, 3t)
```

t ni namba halisi yoyote. Usiache kuandika hilo. Nimehakiki mlinganyo wa tatu: 12 − 8t + 3 − t + 9t = 15, t zote zinakatana. Mwenye z = t naye yuko sahihi, majawabu ni yale yale.