Uso wa babu umetoka kiza: kosa la simu au la mpigaji?

Mjukuu, Mkomani: Nimempiga babu picha saa sita mchana, ana kanzu na kofia, nyuma yake ukuta wa chokaa. Ukuta umetoka safi, uso haujulikani. Simu hizi zimeundwa bila kutufikiria sisi weusi, ama ni mimi sijui kupiga?

Mpiga picha wa harusi, Langoni: Hapo mkosa mkubwa ni ukuta, ndugu yangu. Simu haijui chokaa wala ngozi. Inapima mwanga wa picha nzima na kuuvuta kwenye wastani, karibu na kijivu. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo tangu mwanzo, basi ndiyo inayozama.

Kijana wa Shela: Si tabu. Piga hivyo hivyo, utaongeza mwangaza baadaye.

Mpiga picha: Itasaidia kidogo tu. Ukiinua kiza unainua na chenga, na simu ikizifuta chenga inafuta na mikunjo ya uso. Mzee anatoka kama mdoli. Ongeza wakati wa kupiga. Gusa uso kwenye kioo, alama ya jua ikitokea iburute juu taratibu huku ukitazama kofia. Vitobo vya kofia vikianza kupotea umezidisha, rudi chini kidogo. Kwa simu zenye namba, +1 ni mwanga maradufu. Mimi huanza na +0.7. Na saa sita jua li utosini, macho hujaa vivuli. Mkalishe dakani, uso uelekee njiani kwenye mwanga, kisha sogea mpaka ukuta utoke kwenye picha.

Mama wa binti: Wangu kinyume! Amevaa buibui, uso umekuwa kama unga.

Mpiga picha: Zima kwanza ile ya kurembesha uso, mama. Ikibaki vile vile, basi ni weusi wa buibui: simu imeongeza mwanga. Buruta jua chini.

Mwalimu, Malindi: Mnaisafisha simu bure. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walileta Real Tone, ngozi nyeusi itoke ilivyo. Kama kosa ni la ukuta, walikuwa wakirekebisha nini?

Mpiga picha: Kadi zile sizikatai, mwalimu. Lakini hata simu iliyorekebishwa, chokaa ikijaa kwenye picha inaweza kudanganyika.

Mjukuu: Nimemrudia babu leo dakani, +0.7. Hata kovu la ndoana shavuni linaonekana. Ila bega lililopigwa na jua limeungua, kanzu haina hata mshono.

Mwalimu: Hilo ndilo linaloniuma. Kwa nini iwe ni sisi wa kuchagua, uso au kanzu?